Pedeli ya breki inabonyea kama godoro hata baada ya kutoa upepo: tupeane uzoefu

Mkazi wa Kimara
Wakuu, habari za jioni. Nina Noah, mbele ina kalipa, nyuma dramu. Wiki mbili zilizopita kalipa zote mbili za mbele zilikuwa zinavuja, nikanunua za mtumba Gerezani, fundi akafunga. Tangu siku hiyo pedeli inabonyea kama godoro. Mguu wa kwanza inakaribia sakafu. Nikipampu mara tatu inapanda na gari linashika vizuri, lakini nikiachia nikakaa kwenye foleni kidogo, mguu unaofuata inazama tena. Tumetoa upepo mara tano, lita nzima ya oili ya breki imeisha, na kwenye mpira hatuoni tena povu. Nabeba watoto wa shule kwenye hili gari. Aliyepitia hali hii atueleze kwake ilikuwa nini.

Dereva wa Masafa
Mkuu, mbona mnautoa upepo? Mimi naendesha lori la tela, geji ya upepo ikishuka gari linajifunga breki lenyewe na halitembei. Upepo ndio breki. Angalia kompresa yako.

Mkazi wa Kimara
Asante kaka, ila hili ni gari dogo, linatumia oili. Halina matangi ya upepo.

Kijana wa Tandika
Mimi ilinipata kwenye gari langu, nikabadilisha masta silinda. Ya zamani ilikuwa imeandikwa 7/8 ubavuni, nikafunga ya inchi 1. Pedeli ikapanda siku ile ile. Masta ndogo haisukumi oili ya kutosha, ndiyo maana inazama. Upepo unapunguza nguvu ya oili, masta kubwa inairudisha.

Fundi wa Tabata
Kijana wa Tandika, pedeli yako ilipanda kweli, sikatai. Ila sababu uliyotoa imegeuka, na inaweza kumuumiza mwenzako. Ngoja nilieleze taratibu.

Chukua masta ya 7/8. Uso wa pistoni yake ni kama sentimita za mraba 3.9. Tuiache busta kwanza. Mguu ukikandamiza kilo 30, na wenzo wa pedeli ukizidisha mara 4, fimbo inasukuma masta kwa kilo 120. Gawanya kwa 3.9, oili inapata kama kilo 31 kwa kila sentimita ya mraba. Pistoni ya kalipa yenye kipenyo cha milimita 54 ina uso wa karibu 23, kwa hiyo inabana pedi kwa kilo 700 hivi. Sasa weka masta ya inchi 1, ambayo uso wake ni kama 5.1. Mguu ni ule ule, lakini oili inapata kilo 24 tu, na kalipa inabana kwa kilo 540. Ukitaka zile 700, mguu lazima ukandamize karibu kilo 39. Masta kubwa inakupa pedeli fupi na ngumu, breki yenyewe inakuwa hafifu zaidi kwa mguu ule ule.

Kuhusu upepo: haupunguzi nguvu ya oili, unakula safari ya pedeli. Oili haikubali kubanwa, upepo unakubali. Tuseme kwenye kalipa kumebaki kijiko cha chai cha upepo, yaani sisi 5. Presha ikifika 31, upepo ule unasinyaa hadi chini ya robo ya sisi moja. Nafasi iliyoachwa, karibu sisi 4.8, lazima masta iijaze. Kwa masta ya 7/8 hiyo ni safari ya sentimita 1.2 kwenye fimbo, na kwenye pedeli unazidisha mara 4: sentimita 5 mguu unashuka bure. Na sehemu kubwa inaliwa mwanzoni kabisa, kwa sababu mguu wa kilo 3 tu unatosha kuusinyaza robo tatu. Ndiyo maana unahisi godoro kwanza, kisha ugumu. Presha bado inafika kwenye gurudumu, mradi pedeli haijagusa sakafu. Hatari iko hapo: sakafu ikiwahi, hakuna cha kuongeza.

Ukipampu, kila pedeli inaporudi masta inavuta oili kidogo kutoka kwenye kopo kabla upepo haujapanuka wote, hivyo mguu unaofuata unaukuta tayari umebanwa. Ukiachia sekunde kadhaa oili ile inarudi kwenye kopo.

Sasa swali langu, Mkazi wa Kimara. Nati za kutolea upepo kwenye kalipa ulizofunga zinatazama juu au chini?

Mama wa Mbagala
Samahani naingilia. Mwaka jana tulikuwa tunatoka Iringa, tunashuka Kitonga na mizigo, mume wangu akishikilia breki muda wote. Karibu na chini pedeli ikaingia yote. Alirudisha gia, akavuta hendibreki, tukasimama pembeni. Baada ya saa nzima pedeli ikarudi kama kawaida. Garage tatu hapa Dar zimesema hakuna tatizo. Ni upepo huohuo?

Fundi wa Tabata
Pole sana dada yangu. Huo ni mvuke. Oili ya breki inavuta unyevu kidogo kidogo, na hapa kwetu pwani hewa ina unyevu mwingi. DOT 3 mpya inachemka kwenye nyuzi 205 au zaidi, lakini ikishanywa maji kiwango kinachotakiwa ni 140 tu. Kalipa ikipata moto mle ndani panatokea mapovu ya mvuke, nayo yanabanwa kama upepo. Ikipoa mvuke unarudi kuwa maji, ndiyo maana mafundi hawakuona kitu. Badilisha oili yote, na mlima ushukeni kwa gia ndogo.

Kijana wa Tandika
Fundi, nimeelewa hesabu. Lakini godoro kwangu lilikwisha kabisa, si kupungua tu.

Fundi wa Tabata
Inawezekana masta yako ya zamani raba zilikuwa zimechoka, mpya ikatibu hilo. Ulipokanyaga na kushikilia bila kuachia, ilikuwa inashuka polepole?

Kijana wa Tandika
Sikumbuki vizuri. Nadhani ndiyo.

Fundi wa Tabata
Basi ilikuwa inavuja kwa ndani. Upepo haufanyi hivyo. Pedeli ikishafika inasimama pale pale na kukurudishia mguu kama springi.

Mkazi wa Kimara
Wakuu, nimerudi. Nimeingia chini na tochi: nati zote mbili zinatazama chini. Fundi alifunga ya kulia kushoto na ya kushoto kulia.

Fundi wa Tabata
Ndiyo hiyo. Upepo unakaa juu ya kalipa, ninyi mnatoa oili kutoka chini. Mngemwaga hata lita kumi. Badilishaneni, nati ziwe juu, anzeni na gurudumu lililo mbali na masta. Tafadhali wekeni kipande cha ubao chini ya pedeli. Masta ya zamani ina kutu mahali raba zisipofikaga, mkikanyaga hadi sakafuni zinachanika.

Mkazi wa Kimara
Tumebadilishana leo asubuhi. Mpira ulitoa povu kubwa pande zote mbili, na godoro limekwisha. Ila mguu wa kwanza bado uko chini kuliko zamani, kama vidole viwili, halafu unakuwa mgumu kabisa. Nikipampu mara moja unapanda.

Fundi wa Tabata
Ukifika pale chini, unakurudishia mguu au ni mgumu kama ukuta?

Mkazi wa Kimara
Kama ukuta.

Fundi wa Tabata
Basi mimi ningefungua dramu za nyuma kwanza. Viatu vikikaa mbali na dramu, masta inatumia safari kuvisogeza. Hiyo huwa chini lakini ngumu.

Dereva wa Masafa
Na mimi ningekagua pia mipira ya oili ya breki ya mbele, kama imezeeka inavimba ukikanyaga. Mwenzangu alikuwa na kipikapu kikamsumbua hivyo.

Mkazi wa Kimara
Mipira ni ya zamani kweli, ina nyufa. Jumamosi nafungua dramu na kununua mipira. Nitaanza na dramu ili nijue ni kipi.