Forfe ya kloud imeisha na foto zimepita kipimo: nilipe tena, nihamie OneDrive, ao ninunue diski diri?

Foto_Katuba: Bandugu, mi ni fotografe wa ndoa hapa Lubumbashi. Abonema yangu ya kloud imekatika, karte ilikuwa ya kaka yangu na imeexpire. Foto zote nazionaka lakini siwezi kuongeza kitu. Kati ya hivyo vitatu nichague gani? Bei iniumize kidogo, tafazali.

Mama_Tabitha: Kloud ya nani, papa? Una giga ngapi? Ilikatika lini? Hapo hatuwezi kukushauri.

Ruashi_Tek: Ni ile ile, lipa tu, ju watafuta vyote kesho kutwa.

Foto_Katuba: Ni Google One ya giga 100, imekatika mwezi uliopita. Ukurasa wa storage unaonyesha giga 63: Photos 38, Drive 12, kopi ya WhatsApp 9, Gmail 4. Na kuna kitu kingine, bibi harusi mmoja ananiambia alinituma email, mi sijaona kitu.

Fundi_Kamalondo: Hiyo email njo jambo la haraka kuliko foto. Ukitoka kwenye forfe unarudi kwenye giga 15 za bure, na Gmail, Drive na Photos zinakula hizo hizo pamoja. Ukizipita, Gmail haipokei wala haitumi, yule anayekuandikia anarudishiwa barua yake. Basi kliya anafikiri umemnyamazia. Mpe leo adresi ingine. Foto hazifutwi kesho kutwa, Ruashi_Tek, zinaweza kufutwa ukikaa juu ya kipimo miaka 2. Kuangalia na kushusha bado unaruhusiwa.

Foto_Katuba: Asante mukubwa. Na ile tableau ya bei ndani ya Drive tunayoandika na shemeji yangu wa Likasi? Ata yeye hawezi kuandika, na akaunti yake iko tupu.

Fundi_Kamalondo: Ni kwa sababu fishie ni yako. Kipimo kinahesabiwa kwa mwenye fishie, kwa hiyo ikifungwa kwako imefungwa kwa kila mtu uliyempa.

Ruashi_Tek: Basi afungue akaunti mpya, ajipatie dosie nzima kwa kushare, giga zitahamia kule.

Fundi_Kamalondo: Hapana, kushare hakuhamishi kitu, bado zitahesabiwa kwake. Ashushe, apandishe upya kule.

Mama_Tabitha: Mimi ninasema diski diri, lakini sikieni kwanza ya ofisi ya binamu yangu. Walikuwa na kloud ya kampuni nyingine, ordi ikajaa, kijana mmoja akafuta dosie kwenye ordi akifikiri ile ya juu kwenye kloud itabaki. Ile dosie ilikuwa imeunganishwa na ya juu, ikafutika kote kote. Hakuna aliyeangalia korbeyi, zikapita siku 30, ikajimwaga yenyewe. Rapo za miaka zote zikaenda. Mpaka leo wanakusanya karatasi kwa bantu. Kwa hiyo papa usifute mahali ambapo haujaona kopi kwa macho yako.

Yaya_Ruth: Na mimi iCloud yangu inasema imejaa, nifanye nini?

Mama_Tabitha: Dada, fungua mada yako, hapa tuko na ndoa za watu.

Fundi_Kamalondo: Foto_Katuba, unatakiwa kuondoa giga 48. Anza na WhatsApp: kama mazungumzo yako yote bado yako ndani ya telefone, futa ile kopi ya zamani kwenye Drive, sehemu ya Backups, na uzime video kwenye settings kabla ya kufanya kopi mpya, ju mpya haiwezi kuingia kama bado umejaa. Hapo 9, na foto zote ni 38, jumla 47, ile 1 inayobaki utoe kwenye Drive. Foto utashusha kwa Takeout, ile huduma ya Google ya kushusha kopi ya vitu vyako, chagua zip za giga 2, si za 50, koneksio yetu ikikatika unapoteza kidogo tu. Usikawie, linki zinadumu kama wiki moja. Kila zip ifungue, ulinganishe hesabu ya foto na video na ile ya albamu, ju ndani kuna pia fishie ndogo za json zinazoongeza hesabu. Kiisha njo ufute, umwage na korbeyi, ju vilivyo ndani yake bado vinahesabiwa, na ya Photos inaweza kukaa siku 60.

Foto_Katuba: Na OneDrive?

Fundi_Kamalondo: Bure ni giga 5 tu, huko utajaa mapema zaidi. Ukizipita wanaigandisha, unaweza kuomba kuifungua mara moja kwa siku 30, na baada ya miezi 6 wanaweza kufuta. Kwa giga 63 haikusaidii bila kulipa.

Ruashi_Tek: Diski diri nayo kuriani ikikatika ikiwa inaandika, bure. Anunue SSD.

Mama_Tabitha: Ata SSD kuriani ikikatika inaweza kuharibika, na ni ghali, anunue mbili za kawaida, moja ikae kwa mama yake.

Ruashi_Tek: Kuriani haijui kwamba ni mbili, mama.

Foto_Katuba: Nimemwandikia bibi harusi kwa adresi ya mke wangu, amejibu. Takeout nimeianza na zip tatu zimeshuka. Mwenye kujua bei ya SSD ya giga 500 kule komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, aniambie.