Mrejesho: meneja wa ghala anayekatizwa kutwa nzima

Niliuliza: "Nasimamia ghala la korosho Masasi, mlangoni watu hawaishi. Hesabu za ghala nizifanye saa ngapi?"

Asanteni wakuu. Nilichora miraba minne ya haraka na umuhimu, nikaandika humo kila kilichonikatiza. Wengi waliangukia mraba wa haraka isiyo muhimu kwangu: wakulima wanaoulizia malipo. Daftari la malipo sasa liko kwa karani, anawajibu yeye.

Saa 2 hadi saa 4 asubuhi nalinganisha stakabadhi na magunia. Haina haraka leo, lakini ikiachwa hadi mnada unakaribia inakuwa moto. Ruhusa ya kunigongea ni moja tu: ubishi wa unyevu kwenye mizani, maana gunia bichi likiingia linaozesha mengine. Bosi nampigia saa 4, tumekubaliana.