Naomba ushauri: mti wa AVL unaganda nikiingiza 30, 10, 20

Mkazi wa Mbale: Ndugu zangu, nisaidieni kabla sijawasilisha kazi ya darasa. Mti wangu unapokea 30, 20, 10 na hata 10, 20, 30 vizuri, lakini nikiingiza 30, 10, 20 programu inaganda bila kutoa ujumbe wowote. Mizungusho yote nimeiandika, kwa hiyo nashuku hesabu ya kimo.

Baba Gulu: Ni kimo, bila shaka. Ukishazungusha, hesabu kwanza kimo cha nodi iliyoshuka, kisha cha iliyopanda, kwa kuwa cha pili kinategemea cha kwanza.

Dada wa Jinja: Mimi niliingiza majina ya wateja wa duka kwa alfabeti, mti wa kawaida ukawa mstari mmoja mrefu. Kwa nini usizichanganye namba kwanza?

Fundi wa Ntinda: Kisa hiki nakitilia shaka. Baada ya kuingiza, sahihisho moja hurudisha tawi kwenye kimo lilichokuwa nacho, kwa hiyo huko juu hakuna cha kurekebisha tena. Kukosea mzungusho mmoja huacha mti mbovu, lakini hakugandishi programu. Ama umekitunga, ama kuna kitanzi ulichotuficha.

Mkazi wa Mbale: Sikutunga, mzee wangu. Msimbo ni huu:

```
while (bf(n) > 1 || bf(n) < -1)
  n = bf(n) > 1 ? rotateRight(n)
                : rotateLeft(n);
```

Kitanzi nilikiweka makusudi, ili mti uzunguke mpaka utulie.

Fundi wa Ntinda: Basi nakuamini, ila hautatulia kamwe. Tukitoa kimo cha kulia kwenye cha kushoto, yaani bf yako, 30 ina +2, na mtoto wake 10 ana -1 kwa sababu 20 iko kulia kwake. Ukizungusha 30 kulia, 10 inapanda, 20 inahamia kushoto kwa 30, na 10 inabaki na -2. Kitanzi kinaizungusha 10 kushoto, na unarudi kwenye mti uleule ulioanza nao. Alama ya juu peke yake haitoshi. Tazama na ya mtoto. Zikipingana, mzungushe mtoto kwanza: 10 kushoto, kisha 30 kulia, na 20 inakaa juu ikiwa na sifuri. Kwa 10, 30, 20 geuza pande. Zile mbili zilizokubali zina alama zinazofanana, ndiyo maana mzungusho mmoja ulizitosha.

Mkazi wa Mbale: Nimeelewa, nitaongeza sharti la mtoto. Lakini kitanzi nitakiacha, maana baadaye nitaandika kufuta, na kufuta huhitaji masahihisho mengi.

Baba Gulu: Masahihisho hayo hufuata njia ya kupanda kuelekea mzizi, hayarudiwi kwenye nodi moja. Na ukifuta, mtoto anaweza kuwa na sifuri, jambo ambalo kuingiza hakukuletei. Hapo utachagua mzungusho upi?