MREJESHO: Picha kupauka kwenye vikombe na fulana

Niliuliza: "Picha ya kikombe inapauka karibu na mkono, na ya fulana ya pamba inafifia ikifuliwa. Shida ni wino au msambazaji?"

Wakuu, asanteni. Wino ni mzima. Wino wa sablimesheni hushika poliesta, na kikombe hupokea rangi kwa sababu kimepakwa tabaka la poliesta. Pamba haina cha kuishika, ndiyo maana rangi huondoka na maji. Oda za pamba sasa zinachapwa kwa filamu ya DTF.

Kwenye kikombe, mkanda wa joto wa mashine haufiki vizuri kwenye mkono. Picha ya mfano ya kumwonyesha mteja ilikuwa imezungushiwa kikombe chote, ikiahidi eneo lisilochapika. Kiolezo sasa ni sentimita 20 kwa 9, yaani pikseli 2362 kwa 1063 kwa 300 dpi, na maandishi yanakaa mbali na kingo.

Msambazaji naye anapimwa kabla ya oda kubwa. Chukua vikombe vichache kutoka maboksi tofauti, chapa mkanda mweusi mtupu kwa joto na muda uleule. Vyote vikipauka sawasawa, joto au muda hautoshi. Weusi ukielekea kahawia, mara nyingi umeunguza. Lakini kimoja kikitoka na mabaka na vingine safi, tabaka lake halikupakwa sawa, na hapo hakuna kipimo cha mashine kitakachosaidia: rudisha boksi.