Mrejesho: ile ndoto ya kuwa uchi Kencom

Niliuliza: "Kwa nini naota niko uchi steji ya Kencom, naona haya hadi naamka na jasho?"

Mlinishauri niandike tarehe na nani ananitazama. Kwa wiki sita ndoto imekuja mara nne, zote Jumapili usiku, kabla ya mkutano wa Jumatatu ninaposoma hesabu za mauzo mbele ya bosi. La ajabu, pale steji hakuna anayenitazama. Makanga ananidai nauli tu! Freud, yule daktari aliyechambua ndoto, aliligusa hilo tangu 1900: watazamaji huwa hawajali, aibu ni ya mwotaji mwenyewe.

Siku hizi Ijumaa namwonyesha mwenzangu hesabu kwanza. Jumapili mbili zimepita bila ndoto, ingawa bado mapema kushangilia.