Wamenizimia hotspoti nikiwa nabonyeza Submit. SUBMIT!

Kisebusebu
Wakuu, naandika nikiwa natetemeka. Wale jamaa mnawajua, siwataji, wale ambao simu yao kwenye matangazo inakaa na chaji mpaka mtoto aanze darasa la kwanza. Kumbe inakaa na chaji kwa sababu haitaki kufanya kazi!

Nimejaza fomu ya kuomba kazi tangu magharibi. Wadhamini, vyeti, shule ya msingi, kila kitu mpaka ukoo. Mwisho saa sita usiku. Nabonyeza Submit, kiduara kinazunguka weee, ukurasa mweupe. Natazama simu: hotspoti imezima! Bando lipo, chaji asilimia 60, na hakuna aliyeigusa. Nawasha tena, fomu tupu. Ingekatika kwenye picha ya pasipoti ningevumilia. Lakini kwenye Submit?

Bwana Tozo
Bando limeisha hilo, dada. Usitusumbue.

Kisebusebu
Nimesema bando lipo. Soma uzi kabla ya kubwabwaja.

Mzee wa Kibarazani
Wa saa ya mwisho ndio huwa na matusi mengi. Fomu ilifunguliwa lini?

Fundi Mwanagati
Mleta uzi, swali moja tu. Ulipomaliza kujaza, ulibonyeza papo hapo au uliondoka kwanza?

Kisebusebu
Nilienda kula. Kula nako mmekupiga marufuku?

Fundi Mwanagati
Na laptopu uliiacha wazi?

Kisebusebu
Niliifunika, paka asipite juu ya kibodi. Unanihoji kama polisi.

Fundi Mwanagati
Basi haikukatika kwenye Submit. Ilikatika ukiwa unakula.

Ulipofunika laptopu ililala, na nyingi zikilala waifai inakatika. Simu ikaona hakuna mtu kwenye hotspoti, ikaanza kuhesabu. Androidi nyingi zinahesabu dakika 10 hivi, zisipopata mtu zinazima kuokoa betri. Uliporudi ukaona fomu yako imejaa, ukadhani mambo safi, lakini ile ilikuwa imeshapakuliwa kwenye kioo, haihitaji intaneti kubaki pale. Submit ndiyo kitu cha kwanza kilichouliza mtandao.

Ingia kwenye setingi za hotspoti, tafuta `Turn off hotspot automatically`, uizime. Simu nyingine zinakupa orodha ya dakika, chagua ile isiyo na kikomo. Ila ukimaliza kazi zima hotspoti kwa mkono, maana sasa haitajizima na betri itaisha.

Kisebusebu
Kwa hiyo wao hawana kosa? Kwa nini isinionye? Chaji ikifika 20 huwa inapiga kelele, lakini hotspoti imeizima kimyakimya. Kwenye Submit!

Chipsi Kavu
Fundi kakosea. Ni ile hali ya kuokoa betri, ukiiwasha tu hotspoti inakufa. Mimi niliizima na sijaona tatizo tena.

Fundi Mwanagati
Kwa simu yako inawezekana, watengenezaji wanatofautiana. Lakini yake ilikuwa asilimia 60, na kile kihesabio kinafanya kazi hata kama hujawasha hali ya kuokoa betri. Ni setingi mbili tofauti.

Shangazi wa Mbezi
Mimi yangu inakatika nikiwa natumia kabisa, katikati ya mkutano. Sijafunika kitu wala sina paka.

Fundi Mwanagati
Shangazi, ikikatika usiguse kitu, tazama simu kwanza. Alama ya hotspoti ikiwa bado ipo, huenda mkosaji ni laptopu. Kwenye Windows fungua `Device Manager`, `Network adapters`, bonyeza waifai yako mara mbili, halafu `Power Management`, toa tiki kwenye `Allow the computer to turn off this device to save power`.

Shangazi wa Mbezi
Alama ipo. Lakini hicho kipengele cha Power Management sikioni kabisa mwanangu.

Fundi Mwanagati
Laptopu nyingine hawakiweki. Kwa sasa unganisha kwa waya wa USB, uwashe `USB tethering`. Hapo waifai haihusiki, na simu inachaji. Ikikatika hata kwa waya, basi tutazame mtandao wenyewe.

Shangazi wa Mbezi
Waya wenyewe kaondoka nao mjukuu.

Bwana Tozo
Afadhali nyie. Mimi jirani ana neno la siri la hotspoti yangu tangu Krismasi. Yangu haizimi hata dakika moja, kila saa yumo!

Chipsi Kavu
😂😂 Badilisha neno la siri.

Bwana Tozo
Atajua nimemfukuza. Na ndiye mwenye friji.

Mzee wa Kibarazani
Friji la jirani lifunguliwe uzi wake. Langu linatoa maji chini tangu juzi, kuna fundi humu?

Kisebusebu
Jamani, SUBMIT yangu!

Shangazi wa Mbezi
Mzee, linatoa maji mbele au nyuma?