Salamu za roboti zinatuharibia biashara, na ushauri wa "usijibu" hautusaidii

Muuza Vitenge

Ndugu wanajamvi, ninaandika nikiwa nimekereka. Kila anayezungumzia utapeli wa simu anatuambia tusijibu salamu ya namba tusiyoijua, kana kwamba sote tuna simu za kuzungumza na shangazi zetu tu. Ninauza vitenge Kariakoo, namba yangu imeandikwa kwenye bango la duka, na wateja wapya wengi huanza na "Habari" kisha wakanyamaza mpaka waitikiwe. Huo ni ustaarabu wetu, kwani mtu hakurupuki na bei kabla ya salamu. Sasa roboti nazo zimejifunza kupita mlango huohuo.

Juzi uliingia ujumbe WhatsApp: "Habari ya jioni mpendwa." Nikajibu: "Nzuri, karibu. Unahitaji doti ngapi, au jora zima?" Papo hapo likarudi jibu: "Nimefurahi kusikia hivyo. Unaishi mji gani?" Doti sikuulizwa, bei sikuulizwa. Nikaandika kwamba leo tumefunga kwa sababu ya msiba, nikaambiwa: "Vizuri sana. Una umri gani?" Ni binadamu gani wa Dar es Salaam anayesikia msiba akakosa kusema pole? Naomba mnieleze namna ya kumjibu mteja bila kumlisha tapeli.

Kijana wa Tandika

Rahisi mno, mkuu. Namba ikianza na +255 ni mtu, ikiwa ya nje ni roboti. Futa.

Muuza Vitenge

Ndugu yangu, wanunuzi wangu wakubwa wanatoka Lubumbashi na Moroni. Nikifuta +243 na +269 nitakula nini?

Fundi Simu

Kijana ana sehemu ya ukweli, kwa sababu namba ya nchi usiyofanya nayo biashara inastahili shaka. Lakini laini za +255 nazo hutumiwa na matapeli, na akaunti ya rafiki yako ikiibwa, salamu itakuja kwa jina na picha unayoifahamu.

Dada, swali lako la doti lilikuwa kipimo kizuri kuliko la msiba. Roboti ya kizamani hufuata maneno iliyopangiwa, hivyo jibu lake halishikamani na ulichosema, ila siku hizi zipo zinazojua kutoa pole vizuri kuliko majirani. Tena mara nyingi roboti husalimia tu, na wewe ukishajibu anakuja mtu halisi kuendelea. Kwa hiyo usijitese kutafuta nani ni nani, andika jibu ambalo halina madhara kwa yeyote kati yao, kwa mfano: "Salama, karibu. Taja aina ya kitenge na idadi." Mteja atataja mzigo. Asiyekuwa na shida ya kitenge atakuuliza umri, mji, au kama umeolewa, na hapo unamripoti na kumfungia bila kuaga.

Usibonyeze kiungo, na ukiambiwa kwamba tarakimu 6 zimetumwa kwako kimakosa, usizitaje hata kwa ndugu yako, maana hizo ndizo zinazomwezesha mtu kuihamishia WhatsApp yako kwenye simu yake. Anayejiita ndugu mpigie kwa laini ya kawaida umsikie sauti.

Bibi Mbagala

Na mimi nimeletewa "ile hela tuma kwenye namba hii". Je, niijibu kwa salamu?

Fundi Simu

Shikamoo bibi. Hiyo ni habari nyingine na haihitaji salamu yoyote. Upeleke ujumbe huo pamoja na namba iliyoutuma kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, kisha uufute.

Bibi Mbagala

Marahaba mwanangu.

Mhasibu wa Ilala

Mimi bado napinga kujibu. Ukijibu tu, wanajua namba iko hai, wanaiuza kwa wengine.

Fundi Simu

Kwa namba yako binafsi nakuunga mkono: kaa kimya, kwani mwenye shida ya kweli atajitambulisha au atapiga. Lakini namba iliyo kwenye bango haina siri ya kulinda. Zaidi ya hapo, dada, kama unatumia WhatsApp Business na umewasha ujumbe wa kukaribisha, simu yako inamjibu kila mgeni yenyewe kabla hujaishika. Umeandika nini humo?

Muuza Vitenge

Nimeandika jina langu kamili, mtaa, saa za kufunga na namba ya kupokelea malipo.

Fundi Simu

Bakiza jina la duka na swali la mzigo. Namba ya malipo mpe mtu baada ya kukubaliana bei.

Mhasibu wa Ilala

Na mteja wa Moroni anayetaka kujua mtaa kwanza, je?

Muuza Vitenge

Huyo huuliza bei kabla ya mtaa. Ujumbe ninaubadilisha sasa hivi, ila kwenye hilo la kujibu au kutojibu, mhasibu, hatutaelewana.